Barua ya Kodi Kuhusu Akaunti ya Dubai

Mkazi wa Leicester mwenye akaunti Dubai akipata barua ya HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza, huenda salio na riba yake vimeshafika huko. Barua huweza kuja na hati ya kusaini. Sheria haimlazimishi kuisaini, lakini kuisaini kwa uongo ni jinai. Ni heri ajisajili kujieleza. Hapo hupewa siku 90. Kazi ngumu ni hesabu: benki huripoti Januari hadi Desemba, ilhali mwaka wa kodi huanza Aprili 6, hivyo riba igawanywe upya. Aeleze pia kwa nini alinyamaza: asiyekusudia aweza kudaiwa miaka 12 nyuma, aliyeficha makusudi 20.