Saa 24 za Mtoto Kabla ya Arobaini



Ni ada ya watu wetu wa pwani kwamba mzazi na mwanawe wakae ndani siku arobaini. Mzazi hukandwa kwa maji ya moto, hupikiwa uji wa pilipili manga, na mtoto hatolewi nje mpaka arobaini ishe. Ada hii ina huruma nyingi ndani yake, wala sikushika kalamu ili niipinge. Lakini yako maradhi mawili yasiyongoja arobaini, nayo ni ukimwi na homa ya ini ya aina ya B. Mama huweza kuwa nayo akiwa mzima wa mwili, hana homa wala maumivu, akampa mtoto bila ya kujua. Yote mawili yana kinga, ila kila moja lina saa yake, na saa ya homa ya ini ni fupi mno: ni saa 24 tangu mtoto kuzaliwa.

Tuanze na homa ya ini, kwa kuwa ndiyo isiyojulikana sana majumbani mwetu. Mtoto akiwa tumboni, kondo la nyuma humkinga kwa kiasi kikubwa na damu ya mama yake. Khatari kubwa huja siku ya kuzaliwa, anapopita katika damu na maji ya uzazi. Mtu mzima akipata virusi hivi, mara nyingi mwili wake huvishinda; katika watu wazima 100 hawafiki 5 wanaobaki navyo. Mtoto mchanga sivyo alivyo. Katika watoto 100 walioambukizwa wakati wa kuzaliwa, kiasi cha 90 hubaki navyo umri wao wote. Mtoto huyo hukua, hucheza na husoma kama wenziwe, kisha baada ya miaka mingi baadhi yao hushikwa na ini kusinyaa au saratani ya ini. Ndipo watu husema amerogwa, kumbe mlango ulifunguliwa siku ya kwanza ya maisha yake.

Huenda msomaji akauliza, mtoto aliyekwisha kugusana na damu ya mama yake, chanjo itamfaa nini? Jawabu ni kwamba virusi vya homa ya ini huenda polepole. Huchukua wiki nyingi kabla ya kutulia katika ini na kuzaana. Chanjo ikitiwa mapema, mwili wa mtoto huanza kutengeneza askari wake, nao huwawahi virusi njiani. Haya ni mashindano ya mbio, na kila siku inayopita humpa adui hatua. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani limeelekeza kwamba sindano ya kwanza itiwe upesi iwezekanavyo, ndani ya saa 24. Ikikosekana katika muda huo, bado hutiwa hata ikiwa imechelewa, ingawa nguvu yake ya kuzuia maradhi ya mama hupungua kila inapokawia.

Hapa ndipo penye pengo linalowapoteza wengi. Tanzania na Kenya zilipoingiza chanjo hii katika chanjo za watoto, mwanzoni mwa miaka ya 2000, ziliiweka ndani ya sindano ya mchanganyiko inayotiwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Mama hutoka arobaini, humpeleka mtoto kliniki, kadi huandikwa kwamba amechanjwa homa ya ini, na wazee hutulia. Ni kweli amechanjwa, na sindano hizo ni za lazima kwa kila mtoto. Lakini kwa mtoto ambaye mama yake ana virusi, wiki 6 ni muda mrefu sana. Tena sindano ya mchanganyiko haifai kutiwa mtoto wa siku moja. Inatakiwa chanjo ya homa ya ini iliyo peke yake, nayo si kila kituo kinayo. Kwa hiyo ni lazima mama ajijue hali yake kabla ya kujifungua, ili chanjo itafutwe mapema.

Natuchukue mfano. Mwanamke ana mimba ya miezi mitatu, anakwenda kliniki kwa mara ya kwanza. Anachomwa kidole, na damu yake inapimwa ukimwi, kaswende na homa ya ini ya B. Asidhani kwamba kila damu inayotolewa hupimwa yote matatu. Na aulize kila kipimo kwa jina lake na jawabu liandikwe katika kadi. Tuseme ameonekana hana ukimwi wala kaswende, ila ana homa ya ini. Sasa yako mambo mawili ya kufanya.

La kwanza ni kupima wingi wa virusi katika damu. Vikifika 200,000 au zaidi katika kila mililita moja ya damu, kwa kipimo cha kimataifa, basi chanjo peke yake huenda isitoshe, na mama hupewa kidonge cha tenofova, kimoja kila siku, kuanzia miezi mitatu ya pili ya mimba hata ajifungue. Pale ambapo kipimo hicho hakipatikani, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2024 umeruhusu kila mama mwenye homa ya ini apewe dawa hiyo. Lakini asipewe kabla ya kupimwa ukimwi, maana tenofova peke yake ikimezwa na mwenye ukimwi, virusi huizoea ikawa haimfai tena.

La pili ni kuitafuta chanjo. Mumewe na ende katika kituo watakachojifungulia, aulize: Je, ipo chanjo ya homa ya ini ya siku ya kuzaliwa? Kama haipo, hospitali gani inayo? Swali hili liulizwe mwezi wa saba wa mimba, si usiku wa uchungu.

Tuseme tena mama huyu kajifungua nyumbani saa nane usiku wa kuamkia Ijumaa. Saa zake 24 zitakwisha saa nane usiku wa kuamkia Jumamosi. Kwa hisabu ya karatasi muda ni mwingi, lakini zahanati hufungwa alasiri, na chumba cha chanjo huenda kisifunguliwe mpaka Jumatatu. Kwa hakika, basi, muda wake ni asubuhi ya Ijumaa peke yake. Mtoto na afungwe vizuri katika nguo, apelekwe na bibi yake au baba yake, achomwe sindano moja ya paja, arudishwe kwa mama yake. Mama anaweza kubaki ndani na arobaini yake isiharibike. Muuguzi akisema kwamba chupa ina dozi kumi naye hawezi kuifungua kwa mtoto mmoja, aombwe kwa adabu akumbuke kwamba chanjo hii iliyokwisha kufunguliwa huweza kuhifadhiwa hadi siku 28 ikitunzwa katika baridi inayotakiwa. Kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14 mtoto achomwe zile za kawaida. Akifika miezi 9 hadi 12 apimwe. Hapo ndipo itakapojulikana kama amesalimika. Maziwa ya mama huyu ni halali na salama kwa mtoto wake. Homa ya ini haizuii kunyonyesha.

Ama ukimwi, mwendo wake ni mwingine. Wenyewe huweza kuambukiza tumboni, katika kuzaliwa, na katika kunyonya, na hauna chanjo. Ngao yake ni dawa za mama mwenyewe. Pasipo dawa yoyote, katika watoto 100 wa mama wenye ukimwi, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Mama wakimeza dawa zao sawasawa, hesabu hiyo hushuka chini ya 5. Dawa zinazotumika sana leo ni tatu katika kidonge kimoja cha kila siku, na mwanamke huanza mara tu anapojulikana. Mwenye kufunga Ramadhani anaweza kukimeza wakati wa futari, bora asikiruke.

Mtoto naye hupewa dawa ya maji ya nevirapini tangu kuzaliwa. Mtoto wa kilo mbili na nusu au zaidi hupewa mililita moja na nusu kila siku, kwa bomba dogo lisilo sindano, muda wa wiki 6. Ikiwa mama alichelewa kuanza dawa, au virusi vyake bado ni vingi, mtoto huongezewa dawa ya pili na muda hurefushwa. Kila nchi ina mpango wake. Dawa hii ni ya nyumbani, ndani ya zile siku arobaini, kwa hiyo mwenye kumlea mzazi na ajue siri hiyo ikiwa mama ameridhia, ama sivyo dozi zitarukwa kwa kuogopa macho ya wageni.

Kosa moja hutokea sana. Mtoto hupimwa kwa kipimo cha kawaida cha watu wazima, kikaonyesha ana ukimwi, na nyumba nzima ikalia. Kipimo hicho hutafuta askari wa mwili, na askari wa mama hukaa katika damu ya mtoto hata miezi 18. Anayeonyesha ukweli kwa mtoto mchanga ni kipimo cha kuvitafuta virusi wenyewe, kwa matone ya damu ya kisigino yaliyokaushwa juu ya karatasi, wiki ya 6. Tena hurudiwa baadaye, maana kunyonya kunaendelea.

Katika miezi 6 ya kwanza mtoto huyu anyonye tu, asichanganyiwe maji, uji wala maziwa mengine, kwani vyakula hivyo hujeruhi matumbo na kuvifungulia virusi njia. Kisha aendelee kunyonya pamoja na chakula. Mama anayemeza dawa sawasawa anaweza kutimiza miaka miwili. Na katika tahniki, tende isitafunwe na mtu; ilainishwe kwa mikono safi. Mwaka 2009 matabibu wa Amerika waliandika khabari za watoto walioambukizwa ukimwi kwa chakula kilichotafunwa na walezi, kwa sababu ya fizi zinazotoka damu. Kwa mtoto wa mama mwenye ukimwi, mkunga aulizwe kwanza.

Limebaki jambo moja. Mama aliyepimwa akaonekana mzima anaweza kuambukizwa mimba ikiwa kubwa, au akinyonyesha, na ukimwi mpya ndio wenye virusi vingi kuliko wote. Kwa hiyo kipimo hurudiwa miezi ya mwisho ya mimba na wakati wa kunyonyesha. Wanaume, jawabu la mke wako si jawabu lako. Nenda ukapimwe yote mawili. Na mwenye maradhi yote mawili pamoja asikatize vidonge vyake kwa nafsi yake, maana ndani yake imo tenofova inayolizuia ini lisichomwe, na akiacha ghafla homa ya ini huweza kuamka kwa ukali.

Basi wenye mjamzito nyumbani, tazameni kadi yake leo. Kama pameandikwa ukimwi na hapakuandikwa homa ya ini, kazi imefanywa nusu, na nusu iliyobaki ina saa 24 tu.