Tablo iliyotikisika mu video ya somo: tafuta fremu ingine kwanza

Mara mingi watu wananitumia picha moja iliyokatwa mu video ya somo, tablo yote ukungu, wananiomba niisafishe. Ninawajibu: nitumieni video yenyewe. Sekunde moja ya video ya telefone kawaida iko na fremu 30, na mkono wa mwenye kurekodi hautikisiki sawasawa muda wote. Kuna vipande vifupi ambamo unatulia, na pale tarakimu zinasomeka.

Mu oditwari yenye mwanga kidogo, telefone inaacha mwanga uingie muda mrefu, hata karibu 1/30 ya sekunde kwa fremu moja. Kama picha inasogea pikseli 600 kwa sekunde, kila nukta inavutwa pikseli 20. Tarakimu yenye upana wa pikseli 14 inapanda juu ya jirani yake. Kunoa picha hapo kunakaza kingo tu, hakutenganishi vilivyokwisha kuchanganyika.

Juzi nilitoa tablo ya somo la takwimu. Ilionekana kuanzia dakika 12:40, sekunde nane tu, yaani fremu 240:

```
ffmpeg -ss 00:12:40 -i somo.mp4 -t 8 f_%03d.png
```

Kisha nikapanga faili kwa uzito. PNG inabana kirahisi picha yenye ukungu, njo maana fremu kali zinakuwa nzito kuliko zingine. Lakini profesa akipita mbele ya ubao, uzito unadanganya, kwa hiyo zile kumi za juu nilizikagua kwa macho.

Hakuna iliyokuwa safi yote. Moja ilinipa kolone mbili za kushoto, ingine ikanipa kolone ya jumla. Mistari iliyochorwa ya kulala ilikuwa wazi, ile ya kusimama imefutika: kamera ilikuwa inaenda kushoto na kulia. Ukungu wa namna hiyo unajaza ule mwanya wa juu kulia kwa 6, na 6 inafanana na 8.

Njo kulibaki kisanduku kimoja: ni 16 ama 18? Katika mstari wake, 24 na hiyo namba jumla ni 40. Katika kolone yake, 31 na hiyo namba jumla ni 47. Njia zote mbili zinatoa 16. Bila zile jumla ningekiacha wazi, juu namba ya kubahatisha inabadilisha khi-mraba ya memwari, na hakuna msomaji atakayejua.

Kama ni rekodi ya skrini, hakuna mkono unaotikisika. Ukungu unakuja slaidi inapobadilika, kisha picha inajisafisha kidogo kidogo. Kata fremu ya mwisho kabla slaidi haijaondoka.