Chuma Bapa Kinaposokotwa, Kona Hupumzika

Propela shafti inayopeleka nguvu ya injini hadi magurudumu ya nyuma ya lori ni ya mviringo, na umbo hilo lina kazi yake. Chuma cha mviringo kikisokotwa, kila mkato wake huzunguka huku ukibaki bapa kama ulivyokuwa. Mkazo wa kukata, yaani ule unaotaka kuitelezesha sehemu moja ya chuma juu ya jirani yake, huwa sifuri katikati ya shafti, huongezeka kadiri unavyoelekea nje, na hufikia kilele kwenye uso wake. Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb aliweka msingi wa hesabu hiyo mwaka 1784 alipochunguza msokoto wa nyaya.

Mwenzake Claude-Louis Navier, katika masomo yake ya uhandisi yaliyochapishwa mwaka 1826, aliichukua kanuni hiyohiyo na kuitumia hata kwa vyuma vya mstatili. Dhana ilionekana ya wazi: kona ndiyo iliyo mbali zaidi na kitovu, basi kona ndiyo inayoumia zaidi. Kumbe mambo ni kinyume kabisa.

Kosa linaonekana ukiikagua kona yenyewe. Mkazo wa kukata hautokei peke yake. Ukiwapo kwenye uso mmoja wa chembe ya chuma, lazima uwepo mwingine wa kiasi hichohicho kwenye uso unaokutana na ule wa kwanza kwa pembe mraba. Bila hivyo chembe hiyo ingezunguka ovyo. Sasa, nje ya chuma kuna hewa tu, na hewa haiwezi kuuvuta uso wa chuma kwa pembeni. Kwa hiyo, kwenye ukingo wa mkato, mkazo unaweza tu kufuata ukingo. Hauwezi kuuelekea wala kuuvuka. Kwenye kona kingo ni mbili, kila moja na mwelekeo wake. Mkazo unaofuata ukingo mmoja ungekuwa unauelekea ule wa pili, na huo hauruhusiwi. Hakuna mwelekeo unaobaki, hivyo mkazo ni sifuri.

Shafti ya mviringo haina tatizo hilo, kwa kuwa mkazo wake huzunguka kitovu na tayari unafuata ukingo popote ulipo. Chuma cha mstatili hulazimika kutafuta njia nyingine: mkato wake hauwezi kubaki bapa, bali huvimba sehemu fulani na kubonyea sehemu nyingine. Jambo hili lilithibitishwa na Adhémar Barré de Saint-Venant katika andiko aliloliwasilisha kwa Chuo cha Sayansi cha Ufaransa mwaka 1853.

Kuliona kwa macho ni rahisi. Kata kipande kirefu cha sponji la godoro chenye umbo la mstatili, chora vyumba vya mraba kwa kalamu ya wino kila upande, kisha kisokote. Vyumba vilivyo katikati ya upande mpana vitapinda sana. Vile vinavyogusa kona vitageuka pamoja na sponji, lakini pembe zao zitabaki karibu na mraba. Pembe isipobadilika, mkazo wa kukata haupo.

Hesabu inaonyesha uzito wa kosa. Chukua chuma bapa chenye upana wa milimita 80 na unene wa milimita 20, kisokotwe kwa nyutoni-mita 1,000. Kwa kanuni ya mviringo, kona ingebeba takriban megapaskali 45, na katikati ya upande mpana, milimita 10 tu kutoka kitovuni, pangebeba 11. Hali halisi ni kwamba kona haibebi kitu, na pale katikati ya upande mpana panabeba takriban 111. Isitoshe, chuma hicho hujisokota zaidi ya mara tano ya ilivyotabiriwa. Shafti ya mviringo yenye eneo lilelile la mkato, kipenyo cha milimita 45 hivi, ingebeba megapaskali 55 tu, nusu ya mkazo huo.

Ndiyo maana boriti ya zege ya mstatili ikizidiwa na msokoto, nyufa za mshazari kwa kawaida huanza katikati ya upande wake mpana. Fundi anayekagua boriti hiyo atazame hapo kwanza.

Nafuu hii ni ya kona zinazochomoza nje pekee. Kona inayoingia ndani, kama ile ya chini ya mfereji unaochongwa kwenye shafti ili kushikilia puli, hukusanya mkazo, na ikiwa kali ufa huweza kuanzia hapo. Wachongaji wa mashine huizungushia kidogo sehemu hiyo ili mkazo upite bila kubanana.