Mstari Unaohama Ukutani

Mwalimu wa hisabati amepata projekta. Anachapa noti zake zilezile kwenye slaidi na kuzirusha ukutani, na wanafunzi wananakili kama walivyonakili ubaoni jana. Kilichopungua ni vumbi la chaki tu.

Punya Mishra na Matthew Koehler, wakiwa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan nchini Marekani, waliandika kuhusu jambo hili mwaka 2006. Walianzia kwa Lee Shulman, aliyeeleza mwaka 1986 kwamba kulijua somo na kujua kufundisha ni vitu viwili, na kwamba vikikutana huzaa ujuzi wa tatu: kujua wanafunzi hukwama wapi katika mada fulani na mfano gani utawakwamua. Mishra na Koehler wakaongeza duara la teknolojia. Maduara hayo matatu yanapopishana katikati ndipo panapoitwa TPACK.

Chukua mlinganyo y = mx + c. Mwalimu anajua kwamba m ni mteremko, na c ni pale mstari unapokata mhimili wa y. Anajua pia kwamba ukiuliza c ikitoka 1 hadi 4 kutatokea nini, wapo watakaosema mstari utasimama zaidi, kwa kuwa namba imekua. Kuwachorea mistari mitano kwenye karatasi humaliza kipindi, na bado wanaona michoro mitano, hawaoni mstari mmoja ukihama.

Hapo ndipo kifaa kinapopata kazi. Katika GeoGebra, programu ya bure, ukiandika mlinganyo huo hujitokeza vitelezi viwili. Kitelezi cha c hupandisha na kushusha mstari bila kubadili ulalo wake. Cha m huuzungusha kwenye nukta (0, c).

Lakini kabla ya kukigusa, kila mwanafunzi achore kwanza daftarini anachodhani kitatokea. Bila hatua hiyo wanatazama sinema. Wenye mchoro wao mkononi huwa na la kubishania.

Kuna mtego mmoja. Vipimo vya mihimili miwili visipolingana, mstari wa mteremko 1 huonekana mkali au umelala, ilhali namba ni ileile. Anayeijua programu kuliko hisabati hataushtukia. Dawa ni kuhesabu: hatua moja kulia, ngapi juu?

Waandishi hao husisitiza mazingira pia, na kwetu mazingira huanzia kwenye umeme. Ukikatika, rula juu ya ubao wenye miraba hufanya sehemu kubwa ya kazi: isogeze bila kuigeuza, hiyo ni c, ishike kwa kidole kimoja na kuizungusha, hiyo ni m. (Mimi ningeanza na rula hata umeme ukiwepo.)

Mwishoni zima projekta, wape y = -3x + 2 waichore kwa mkono. Atakayechora mstari unaopanda kuelekea kulia alikuwa akitazama kitelezi tu.