Jioni ya Sataranji Mtandaoni: Ujumbe Mmoja Unaotosha

Marafiki wakikubaliana kucheza sataranji mtandaoni kila wiki, wiki ya pili maswali huwa yaleyale: ni saa ngapi, tunaingilia wapi, mbona mimi sikupata mpinzani? Dawa yake ni ujumbe wa kwanza ulioandikwa vizuri. Tuchukue kundi la watu wanane walio Dar es Salaam, Nairobi, Bujumbura, Muscat na London. Ujumbe wao unaweza kuwa hivi:

"Jamani, kuanzia Jumapili hii tunacheza sataranji kila wiki. Ni saa 2:00 usiku kwa saa za Dar na Nairobi, yaani 20:00 EAT. Tunaanza na mafumbo. Saa 2:20 raundi ya kwanza. Raundi ni 3, kila mchezaji ana dakika 10 na nyongeza ya sekunde 5. Tunacheza Lichess, ni bure. Fungueni akaunti na mjiunge na timu yetu kwa kiungo hiki. Kila mtu acheze kwa akili yake. Mtandao ukikatika, saa haisimami. Atakayekuwepo ajibu 'Nipo' kabla ya Jumamosi jioni."

Saa imeandikwa mara mbili kwa makusudi. Aliyezoea saa za Kiswahili anajua saa 2 usiku ni lini, lakini anayeishi London hutazama simu inayoandika 20:00, na "saa 2" peke yake inaweza kumpoteza. Wakati huo Muscat ni saa 3 usiku na Bujumbura saa 1 usiku. London ni saa 11 jioni majira ya baridi, na saa 12 jioni majira ya joto, kwa sababu Waingereza husogeza saa zao Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mabadiliko hayo huangukia siku ileile ya mchezo, kwa hiyo mratibu awakumbushe wa London siku moja kabla.

Mafumbo yanatangulia kwa sababu wapo watakaochelewa. Lichess ina mashindano yanayoitwa Puzzle Racer: wote hupewa mafumbo yaleyale kwa sekunde 90, na hadi watu 10 wanaweza kushindana pamoja kwa kiungo kimoja. Fumbo la kawaida ni kama hili: mfalme mweusi yuko pembeni, amezibiwa njia na askari wake watatu walio mbele yake, na mstari wa nyuma hauna mlinzi. Ngome nyeupe inashuka mpaka mstari huo, na mchezo umekwisha. Anayechelewa dakika tano hukosa mbio chache tu, kisha anaingia zinazofuata.

Kwenye sataranji yenyewe, kiongozi wa timu huandaa shindano la aina ya Swiss na kulifanya lisihesabiwe kwenye viwango, ili mgeni asiogope kupoteza pointi. Katika Swiss hakuna anayetolewa. Mfumo hukutanisha wenye alama zinazokaribiana, na idadi ikiwa witiri, anayekosa mpinzani hupewa alama moja ya raundi hiyo.

Muda nao upigiwe hesabu kabla. Mchezo ukifika zamu 40 kwa kila upande, nyongeza ya sekunde 5 huzaa sekunde 200. Kila mchezaji basi ana dakika 13 na ushei, na mchezo mzima hauzidi dakika 27 hivi. Raundi tatu ni kama dakika 80, hivyo ikifika saa 3:45 usiku watu wako huru. Nyongeza ndiyo inayomwezesha mwenye mchezo mzuri kuumalizia. Bila hiyo, anayezidiwa ubaoni anaweza kushinda kwa kusubiri tu saa ya mwenzake iishe.

Sheria mbili ndizo zinazozuia ugomvi. Ya kwanza inakataza programu ya sataranji kumchagulia mtu cha kucheza, na Lichess yenyewe inakataza msaada huo. Kuchambua kwa programu mchezo ukishaisha ni ruksa. Ya pili inahusu bando kuisha au mtandao kukatika. Saa ya mchezaji huendelea kutembea, na akirudi kabla haijaisha anaendelea alipoachia. Ikiisha, ameshindwa, wala mchezo haurudiwi, maana raundi inayofuata huwasubiri wote wamalize.

Neno "Nipo" lina kazi yake pia. Katika Swiss watu wawili hukutana mara moja tu, kwa hiyo raundi tatu zinahitaji wachezaji wanne au zaidi. Waliojibu wakiwa watatu, mratibu ataarifu mapema kwamba shindano halipo wiki hiyo, na wale watatu watapangiana michezo ya wawili wawili saa ileile, baada ya mafumbo.