Sifuri Moja Kwenye Ampuli

Ampuli ya adrenalini ni ndogo kuliko kidole cha mwisho. Ndani yake mna mililita moja tu ya dawa, na kwenye kioo, kwa maandishi ya kukodolea macho, kumeandikwa 1:1000. Kabati hilohilo laweza kuwa na adrenalini nyingine iliyoandikwa 1:10 000. Anayesoma kwa haraka hudhani hii ya pili ndiyo kali, maana namba yake ni kubwa. Ni kinyume chake. Ya elfu kumi ni hafifu mara kumi.

Uwiano wa 1:1000 maana yake ni gramu moja ya dawa ndani ya mililita elfu moja. Gramu moja ni miligramu elfu moja, kwa hiyo kila mililita ina miligramu moja. Gramu hiyohiyo ikienea kwenye mililita elfu kumi, kila mililita hubaki na miligramu 0.1 tu. Ni sawa na kijiko kimoja cha sukari ukitie kwenye kikombe cha chai, kisha kingine kama hicho ukitie kwenye sufuria zima. Hesabu yake haina ugumu: gawa 1000 kwa namba ya pili ya uwiano, na jibu ni miligramu zilizomo katika mililita moja.

Tuseme mkulima amevamiwa na nyuki. Anafikishwa zahanati midomo imevimba, anavuta pumzi kwa taabu, presha inashuka. Mtu mzima hupewa miligramu 0.5 za adrenalini kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Kwa ampuli ya 1:1000 hiyo ni nusu mililita. Sasa muuguzi ambaye mkono wake umezoea nusu mililita akishika ile ya 1:10 000, mgonjwa anapata miligramu 0.05. Koo linazidi kuziba, na kila aliyepo chumbani anaamini dawa imeshaingia. Kosa la aina hii ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu kwa macho kila kitu kimefanyika sawasawa.

Moyo ukisimama, mambo hugeuka. Hapo mtu mzima hupewa miligramu 1 kwenye mshipa wa damu, yaani mililita 10 za 1:10 000. Anayekumbuka “mililita kumi” bila kukumbuka miligramu, akiwa na ampuli za 1:1000, atalazimika kuvunja kumi ili ajaze bomba. Ukijikuta unavunja ampuli ya tatu kwa dozi moja ya mtu mmoja, simama uhesabu upya.

Pasipo na ile hafifu, hutengenezwa palepale: mililita 1 ya 1:1000, kisha mililita 9 za maji ya chumvi ya hospitali, jumla kumi. Hatari inabaki baada ya kuchanganya. Dawa hiyo haina rangi, na bomba lisiloandikwa kitu halina tofauti na bomba la maji. Kipande cha plasta chenye jina la dawa na “miligramu 0.1 kwa mililita” kibandikwe kabla bomba halijawekwa chini.

Asilimia nayo ina mtego wake. Lignokeini ya ganzi iliyoandikwa 2% ina gramu 2 katika mililita 100, yaani miligramu 20 kwa kila mililita, wala si 2. Zidisha asilimia kwa kumi. Mtoto wa kilo 10 anayeshonwa kidonda, akiwekewa kikomo cha miligramu 3 kwa kila kilo, asizidishiwe miligramu 30, ambazo ni mililita moja na nusu. Anayesoma 2% kama miligramu 2 ataona mililita 15 ni halali, na hizo zina miligramu 300. Mtoto mkubwa kidogo anaweza kusema midomo inakufa ganzi au masikio yanalia. Mdogo hawezi kueleza, na huenda dalili ya kwanza kuonekana ikawa degedege.

Marekani waliona heri kuondoa mtego wenyewe. Tangu tarehe 1 Mei 2016, viwango vyao vya dawa vinataka sindano yenye dawa moja tu, kama adrenalini, iandikwe kwa miligramu katika mililita, bila uwiano. Naona ni uamuzi wa haki, kwani mtu aliye katikati ya dharura hapaswi kugawanya kichwani.

Hata hivyo, uwiano uliachwa kwenye dawa za ganzi zilizochanganywa na adrenalini. Ndiyo maana chupa moja hubeba lugha mbili: lignokeini 2%, adrenalini 1:200 000. Kila mililita yake ina miligramu 20 za lignokeini na miligramu 0.005 za adrenalini.