Dawa Mbili kwa Presha Moja: Jaribio la CREOLE Mbele ya Madaktari Wachanga

Jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019 katika jarida la New England Journal of Medicine, lilitaka kujua jambo moja: mgonjwa Mwafrika mweusi ambaye presha yake haijatulia akihitaji dawa mbili kwa pamoja, ni jozi ipi inayoishusha zaidi? Wagonjwa 728 walitoka Kenya, Uganda, Msumbiji, Nijeria, Kameruni na Afrika Kusini. Wote walikuwa na presha ya 140/90 au zaidi, na walikuwa hawatumii dawa yoyote au wanatumia moja tu.

Kwa kikao cha hospitali ambamo madaktari husoma utafiti pamoja na kuuhoji, hili ni jaribio zuri la kuanzia, kwa sababu dawa zake zinajulikana na karibu kila mwenye kuhudumia kliniki ya presha. Jozi zilikuwa tatu: amlodipini na haidroklorothiazaidi, amlodipini na perindoprili, perindoprili na haidroklorothiazaidi. Dozi za kuanzia zilitumika kwa miezi miwili, kisha zikaongezwa maradufu kwa miezi minne iliyobaki. Amlodipini, kwa mfano, ilianza na miligramu 5 ikapanda hadi 10.

Swali la kwanza kwa daktari mchanga ni hili: nani alipewa nini, na kwa uamuzi wa nani? Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na hapo ndipo nguvu ya jaribio ilipo. Laiti madaktari wangechagua wenyewe, wenye presha kali wangeweza kurundikwa kwenye jozi moja, na jozi hiyo ingeonekana dhaifu bila kosa lake. Wagonjwa hawakujua walipewa jozi gani, lakini kufichwa huko kulikuwa kwa upande mmoja tu. Hivyo inafaa kuuliza kama anayejua dawa ya mgonjwa angeweza kuyapendelea matokeo.

Jibu linategemea namna presha ilivyopimwa. Kipimo kikuu hakikuwa kile cha mara moja kwenye chumba cha daktari, bali mashine ndogo ambayo mgonjwa huifunga kiunoni na kwenda nayo nyumbani. Kwa saa 24 mkanda wa mkononi hujaa hewa na kulegea wenyewe, mchana akiwa kazini na usiku akiwa amelala. Mashine hiyo haizungushi namba kuwa 140 kwa mazoea, na humwepusha mgonjwa na ile presha inayopanda kwa kumwona tu daktari. Watafiti walilinganisha namba ya juu ya presha mwanzoni na baada ya miezi 6.

Matokeo yake ni haya. Ikilinganishwa na jozi isiyo na amlodipini, jozi ya amlodipini na haidroklorothiazaidi ilishusha presha kwa milimita 3.14 za zebaki zaidi, na ile ya amlodipini na perindoprili kwa milimita 3.00 zaidi. Jozi hizi mbili zenye amlodipini zilipishana kwa milimita 0.14 tu.

Hapa msomaji asiikimbilie hitimisho. Makisio ya 3.14 yana mipaka ya uhakika wa asilimia 95 kuanzia 0.38 hadi 5.90. Maana yake ni kwamba faida halisi yaweza kuwa kubwa kiasi, na yaweza pia kuwa ndogo mno. Kisha kuna hesabu ambayo madaktari wengi huiruka: waliokuwa na vipimo vya saa 24 vya mwanzo na vya mwisho ni 621. Waliokosekana ni 107, karibu asilimia 15. Je, waliacha kwa sababu ya kikohozi cha perindoprili, miguu iliyovimba kwa amlodipini, au nauli? Pengo hilo likiwa limelemea jozi moja, tofauti ya milimita tatu inaweza kuyumba.

Swali la mwisho ni la kliniki. Jaribio lilipima presha kwa miezi sita. Halikuundwa kuonyesha nani angeepuka kiharusi. Na kwa kuwa jozi mbili zilikaribiana sana, hali ya mgonjwa ndiyo huamua. Mwenye kisukari anayetoa protini kwenye mkojo hunufaika na perindoprili kwa ajili ya figo, basi amlodipini na perindoprili inamfaa, huku damu yake ikipimwa kriatinini na potasiamu. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hapewi jozi hiyo, kwa kuwa perindoprili humdhuru mtoto tumboni, hata kama wastani wa jaribio unaisifu.